Sura ya Sita: Dirisha Hupimwa Usiku

Mtu ajengaye nyumba katika mkoa wa Mara, awe yu Musoma mjini kando ya ziwa, au Bunda penye barabara kuu itokayo Mwanza, au Butiama juu ya vilima, aghalabu huanza kufikiri habari ya milango na madirisha siku ambayo kuta zimekwisha simama na bati limekwisha pigiliwa, yaani wakati ambapo nafasi zote zimekwisha achwa ukutani kwa kipimo kimoja na fedha imekaribia kumalizika. Hapo fundi humjia na swali lililozoeleka, "Mzee, nikuwekee slaidi zote?" naye mwenye nyumba, kwa kuwa majirani wake wote wana slaidi, na kwa kuwa kioo na aluminiamu hung'aa vizuri vikitazamwa kutoka barabarani, huitikia pasipo kuuliza. Amekwisha amua basi kiasi cha hewa atakayoivuta kwa miaka ishirini ijayo, na mahali ambapo kitanda chake hakitaweza kukaa, na njia ambayo mwizi ataijaribu kwanza, ilhali hakudhani kwamba alikuwa anaamua lolote zaidi ya umbo.

Katika sura hii nataka kutetea kanuni moja, nayo ni kwamba dirisha la chumba cha kulala lisipimwe kwa hali yake ya mchana, wakati watu wako macho na kila kitu kimefunguliwa, bali kwa hali yake ya saa nane za usiku, wakati taa zimezimwa, mlango umekomewa, mbu wako kazini na mwizi yumkini yuko nje. Swali la kumwuliza fundi si dirisha hili hufunguka kiasi gani, bali ni kiasi gani litabaki wazi wakati huo bila mtu kuhatarisha mali wala afya yake. Dirisha lipitishalo upepo mwingi mchana na kufungwa kabisa usiku kwa hofu ni dirisha la sebule, si la chumba cha kulala.

Ili kuelewa kwa nini saa za usiku zina uzito huu, hatuna budi kwanza kuujua upepo wa Musoma. Mji huu umekaa ukingoni mwa mashariki mwa Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nao uko karibu na mstari wa Ikweta, kiasi cha nyuzi moja na nusu upande wa kusini. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Kwa hiyo tangu adhuhuri hadi jioni upepo huvuma kutoka ziwani, ambako kwa sehemu kubwa ya mji ni upande wa magharibi. Usiku mambo hugeuka. Nchi hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo dhaifu huanza kushuka kutoka bara kuelekea ziwani, yaani kutoka mashariki. Mvuvi wa Mwigobero huijua zamu hii kwa tanga lake. Mjenzi naye hana udhuru wa kutoijua, kwa maana katika zamu hiyo mna jibu la nusu ya maswali yake.

Upepo wa mchana una nguvu, nao huweza kuingia hata katika nafasi iliyo finyu. Upepo wa usiku ni mnyonge, hauwezi kusukuma pazia zito, wala hauwezi kupenya wavu mwembamba pasipo kupoteza sehemu ya nguvu zake, na kwa sababu hiyo huhitaji nafasi kubwa zaidi wakati uleule ambapo mwenye nyumba hutaka kufunga kila kitu. Fauka ya hayo, bati lililokunywa jua mchana kutwa na kuta za tofali la saruji hurudisha joto lao chumbani saa za mwanzo za usiku. Kwa hiyo mtu hulala ndani ya joto la jana, ilhali nje hewa imekwisha poa. Kazi ya dirisha ni kuitoa hewa ile moto na kuiingiza hii baridi, na haiwezi kufanyika kwa tundu moja, kwa sababu hewa haiingii mahali ambapo hewa nyingine haina pa kutokea.

Sasa tuzitazame aina tatu za madirisha zinazopatikana kwa mafundi wetu, tukianza na hiyo slaidi ipendwayo. Dirisha la slaidi lina vipande viwili vya kioo vinavyokwenda juu ya reli, kimoja kikipita nyuma ya mwenzake, nalo kwa umbile lake haliwezi kufunguka zaidi ya nusu. Mwenye kununua dirisha la mita 1.5 kwa mita 1.2 amenunua mita 1.8 za mraba za kioo, lakini amepata mita za mraba 0.9 tu za hewa, na ukiondoa unene wa fremu hazifiki hata hapo. Faida yake ni kwamba halitokezi nje wala ndani: nondo zaweza kukaa nje, meza yaweza kukaa ndani, wavu waweza kwenda juu ya reli yake ya tatu, na hakuna kinachogongana na kingine. Ni dirisha jema kwa jikoni, ambapo mpishi hulazimika kunyoosha mkono juu ya meza na bomba ili alifikie, na kwa chumba ambacho samani zimeukaribia ukuta.

Dirisha la bawaba, ambalo hufunguka kama mlango, hutoa karibu nafasi yake yote, na likiwekwa kwa akili huweza hata kuukamata upepo upitao sambamba na ukuta, kwa sababu ubao wake uliofunguliwa huuzuia upepo usipite na kuugeuza uingie ndani. Likifungwa, hukaza vema kuliko aina nyingine zote, kwa kuwa komeo huuvuta ubao ubanane na fremu. Taabu yake iko katika nafasi. Likifunguka nje, nondo hazina budi kukaa ndani, na wavu nao ndani, na mtu atakaye kulifunga mvua inapoanza hulazimika kwanza kuufungua wavu, kisha kupitisha mkono katikati ya nondo, na ndani ya dakika hiyo mbu wameingia. Likifunguka ndani, hufagia kila kitu kilichowekwa juu ya kizingiti chake, hupambana na pazia, na hunyang'anya chumba kiasi cha nusu mita ambacho kitanda au meza ilikuwa inakihitaji. Kadhalika likifunguka kwenye baraza au kichochoro, kona yake husubiri kichwa cha mpita njia.

Luva ni vioo vyembamba vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, aghalabu vyenye upana wa sentimita 15, vikigeuzwa pamoja kwa mkono mmoja. Vikilala sawasawa hupitisha hewa karibu yote, na vikiinama nusu huendelea kupitisha hewa huku vikirudisha nje mvua iangukayo wima, jambo ambalo slaidi na bawaba haziwezi. Watu wengi wameziacha kwa sababu ya mambo matatu, na yote ni ya kweli. La kwanza, hazifungi kikamilifu; vumbi na baridi hupita baina ya kioo na kioo. La pili, mvua ya dhoruba inayokuja kwa ubavu hupita pia. La tatu, kioo kimoja huchomolewa kimyakimya kwa kukunja kibano cha aluminiamu kinachokishika, na mwizi akivichomoa vitatu amepata njia. Hata pasipo kuchomoa kitu, yuko mwizi wa fimbo yenye kulabu, ambaye hupitisha fimbo yake kati ya vioo na kuvua suruali kitini na simu mezani, mwenyewe amesimama nje salama salimini.

Walakini kasoro hizi zina dawa, ilhali kasoro ya slaidi ya kutofunguka zaidi ya nusu haina. Nondo za mraba za milimita 12, zikiachana kwa sentimita 10 hadi 12 ili kichwa cha mtoto kisipite, na kuchimbiwa ukutani kabla ya plasta badala ya kufungwa kwa skrubu juu yake, huifanya luva kuwa salama kama dirisha jingine lolote. Hapa pana jambo dogo lisahauliwalo sana: kioo cha luva kikilala hutokeza kiasi cha sentimita 7 na nusu nje na kiasi kicho hicho ndani, na ukuta wa tofali la inchi 6 hauna unene wa kutosha kuficha kioo pamoja na nondo na wavu. Basi nondo zisogezwe hadi usawa wa uso wa nje wa ukuta, fremu ya luva ikae nyuma yake, na wavu ufungwe kwenye fremu yake yenyewe upande wa ndani. Fundi asiyeambiwa huweka nondo katikati ya ukuta, na siku ya kwanza ya kugeuza luva vioo hugonga chuma na kusimama nusu njia. Urefu wa kioo nao una mpaka: kioo cha milimita 5 kisizidi sentimita 60, na kikizidi hapo kiwe cha milimita 6, tena kingo zake zisuguliwe zisimkate mtu.

Kuhusu wavu, ni vema tukumbuke kwamba mbu aletaye malaria huuma zaidi usiku wa manane na ndani ya nyumba, na kwamba haingii kwa dirisha tu, bali hupenda sana kupita katika uwazi ulio baina ya ukuta na paa. Huko Gambia ulifanywa utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la tiba la Lancet, ambao ulionyesha kuwa watoto waliolala katika nyumba zilizotiwa wavu milangoni na madirishani na kuzibwa juu ya kuta, hali kadhalika wale wa nyumba zilizotiwa dari ya wavu tu, walikuwa na upungufu wa damu kwa nadra zaidi kuliko wenzao wa nyumba zisizotiwa. Wavu huo una gharama yake katika hewa, zaidi upepo ukiwa dhaifu, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka nafasi kubwa: afadhali dirisha pana lenye wavu kuliko dirisha dogo lililo wazi.

Haya tuyatie katika chumba kimoja. Tuchukue chumba cha kulala cha mita 4 kwa mita 3, katika nyumba iliyojengwa upande wa Makoko, sebule yake ikitazama ziwa upande wa magharibi na chumba hiki kikiwa nyuma, ukuta wake wa mita 3 ukitazama mashariki. Ukuta wa magharibi wa chumba, ulio sawa na huo kwa urefu, umepakana na ukumbi mwembamba wa ndani, na ndiko uliko mlango. Sakafu ni mita 12 za mraba. Kipimo kilichozoeleka katika ujenzi ni kwamba dirisha liwe angalau moja ya kumi ya sakafu kwa ajili ya mwanga, na nusu ya hiyo ifunguke kwa ajili ya hewa. Kwa hiyo chumba hiki chahitaji mita 1.2 za mraba za mwanga na mita 0.6 za hewa.

Tukitia slaidi ya mita 1.5 kwa 1.2, mwanga umezidi haja, na mchana hewa nayo yatosha, kwa kuwa nusu ya dirisha yakaribia mita 0.9. Lakini usiku unapoingia, mwenye chumba huifunga slaidi yake kwa hofu ya mkono wa mwizi, na akishindwa na joto huiacha wazi kwa upana wa kiganja, tuseme sentimita 10. Sentimita 10 kwa urefu wa mita 1.2 ni mita za mraba 0.12, yaani sehemu moja ya tano ya hewa aliyoistahili, na hiyo nayo imezibwa na wavu. Hesabu haisemi kwamba slaidi ni mbaya. Yasema tu kwamba kipimo kilichoandikwa katika ramani na kipimo anachokitumia mlalaji ni vitu viwili mbalimbali.

Tukitia luva mahali palepale, tukagawa nafasi katika safu mbili za vioo vya urefu wa sentimita 70 hivi, kila safu ikiwa na vioo tisa au kumi, nafasi ya hewa ikilazwa yote huzidi mita moja ya mraba hata baada ya kuondoa fremu na unene wa vioo, na ikiinamishwa nusu bado hufika zile mita 0.6. Nayo haihitaji kufungwa usiku, madhali nondo ziko imara na nguo na simu haziko karibu na mkono wa fimbo. Hata hivyo siipendekezi luva tupu kwa chumba hiki, kwa sababu mwenye nyumba atataka pia kutazama nje pasipo mistari machoni, na kwa sababu dhoruba ya masika ikija kutoka mashariki italowesha godoro. Lililo bora ni dirisha la tabaka mbili. Linta, ambayo kwa kawaida huwekwa mita 2.1 juu ya sakafu, ipandishwe hadi mita 2.5. Chini, kutoka mita 0.9 hadi 2.1, iwekwe slaidi au bawaba. Juu yake, kwa upana uleule wa mita 1.5, iwekwe topu ya luva ya sentimita 40. Topu hiyo haifikiwi kwa urahisi na fimbo ya mtu aliyesimama chini, hukingwa na mvua na paa lililotokeza, na iko katika kimo kilekile ambacho hewa moto hukusanyika. Itaachwa wazi usiku kucha, mwaka mzima, nayo peke yake hutoa kiasi cha mita za mraba 0.4, zaidi ya mara tatu ya upenyo wa kiganja.

Ila topu hiyo itakuwa kazi bure ikiwa hewa haina pa kutokea. Juu ya mlango wa chumba, upande wa magharibi, iwekwe topu ya pili yenye luva au wavu, nayo ipitishe hewa hadi ukumbini, na kutoka ukumbini hadi sebuleni, na sebuleni itoke kwa topu za upande wa ziwa. Hivyo usiku upepo wa bara huingia mashariki, hupita chumbani na kutoka magharibi; mchana upepo wa ziwa hupita njia ileile kinyumenyume, pasipo mtu kugusa kitu. Nyumba nyingi za Musoma zina madirisha mazuri pande zote mbili na bado zina joto, kwa sababu mlango wa chumba umefungwa usiku na juu yake kuna ukuta mtupu.

Sasa samani. Kitanda cha tano kwa sita, pamoja na ubao wake wa kichwani, kinahitaji mita 1.6 kwa mita 2, na mahali pa kwanza mtu anapofikiria kukiweka ni chini ya dirisha, kichwa kikiegemea kizingiti. Ni mahali pabaya kwa sababu tatu: ubao wa kichwani, ambao aghalabu hupita mita moja kwenda juu, huziba sehemu ya chini ya dirisha, upepo uingiao hupita juu ya mlalaji badala ya kumpata, na uso wa mlalaji huwa katika umbali wa mkono kutoka kwa mtu aliye nje. Kiwekwe badala yake kichwa kikiegemea ukuta mrefu wa kusini, ubavu wake ukiachana na dirisha kwa nusu mita, nafasi itoshayo pazia kuning'inia na mtu kupita kuligeuza komeo. Miguuni itabaki mita moja ya njia. Kabati la nguo la upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 60 litakaa ukuta uleule wa kusini, katika kona iliyo mbali na dirisha, na mbele yake zihifadhiwe sentimita 60 nyingine za milango yake kufunguka.

Baada ya kuweka kitanda na kabati katika karatasi, na si kabla, ndipo mahali pa mlango hujulikana. Mlango huu wa sentimita 90 uwekwe mwisho wa kaskazini wa ukuta wa magharibi, ukiacha kipande cha ukuta cha sentimita 10 tu hadi kona, na bawaba zake ziwe upande huo wa kona, ili ukifunguliwa ulale juu ya ukuta wa kaskazini ambao hauna kitu. Ukiwekwa katikati ya ukuta, kama ulivyo mtindo wa mafundi wengi, utafagia robo ya duara yenye upana wa sentimita 90 katikati ya chumba. Bawaba zikiwa kusini, utagongana na milango ya kabati, na zikiwa kaskazini, utasimama kama kizuizi njiani. Fundi asipoandikiwa bawaba ziko upande gani, huziweka upande ulio rahisi kwake siku hiyo.

Mlango wa nje una mashauri yake. Ufunguke ndani, kwa maana mlango ufungukao nje huonyesha pini za bawaba kwa mwizi, naye akizigonga huutoa mlango pamoja na kufuli lake. Uwe wa mbao nzito kama mninga au mkongo, wenye unene wa sentimita 4 na zaidi, ukishikwa na bawaba tatu za inchi 4 kwa skrubu na si kwa misumari, na miimo yake ichimbiwe ukutani kwa vyuma, kwa kuwa mwizi avunjaye kwa teke havunji mbao wala kitasa, bali hupasua mwimo dhaifu. Upana wake usipungue mita 1.2 kwa vipande viwili, kimoja cha sentimita 90 cha kila siku na kingine cha sentimita 30 kilichokomewa juu na chini, kwa sababu kochi la watu watatu na friji kubwa havijui kujikunja, na ni aibu kumwona mtu akiondoa fremu ya dirisha ili aingize samani za harusi ya binti yake. Mlango wa choo, kinyume chake, ufunguke nje ikiwa nafasi yaruhusu, kwani mgonjwa akianguka ndani ya choo chembamba mwili wake huuzuia mlango ufungukao ndani.

Yaliyosemwa ni ya Musoma. Bunda na Butiama zina hukumu nyingine. Bunda iko katika nchi tambarare baina ya ziwa na mbuga ya Serengeti, barabara kuu imepita kati yake, na miezi ya kiangazi, hususan Juni hadi Agosti, upepo huinua vumbi la njia za ndani ambazo hazina lami. Luva pana upande wa barabara humpa mama wa nyumba kazi ya kufuta meza kila asubuhi. Upande huo wastahili bawaba yenye raba ukingoni, ambayo hubana hasa, na hewa itafutwe kwa topu za upande wa nyuma. Slaidi nayo yafaa huko kwa sharti moja. Chini ya reli yake pana vitundu vidogo vya kutolea maji, na vumbi huingia humo, likachanganyika na manyoya ya kuku na wadudu waliokufa. Katika nyumba zilizo karibu na ziwa, wadudu wadogo wanaoinuka majini kama wingu la moshi huja kwenye taa kwa maelfu na kufia humo. Mvua ya kwanza ya vuli hugeuza mchanganyiko huo kuwa tope, vitundu huziba, reli hujaa kama birika, na maji humwagika ndani juu ya plasta. Mwenye nyumba hulaumu paa, ilhali kijiti cha kiberiti na kikombe cha maji kila mwanzo wa mvua vingalitosha.

Butiama, kwa kuwa iko juu ya vilima vinavyopanda kutoka ziwani, usiku wake ni wa baridi zaidi, na mtu hulala na blanketi. Huko luva kubwa katika chumba cha wazee au cha mtoto mchanga ni taksiri, kwani haikazi, na upepo wa alfajiri hupita kioo kwa kioo. Bawaba ndiyo bora, ikifunguliwa wazi mchana na kufungwa sawasawa usiku, na topu ya juu ipunguzwe hadi sentimita 20, itoshe kutoa pumzi za walalao na moshi wa kibatari. Mtu anayehamia huko kutoka Musoma akibeba ramani ileile huona tofauti hii katika mwezi wa Julai.

Pamoja na hayo yote, kuna hatari moja ambayo usalama wenyewe huizaa. Nyumba ambayo kila dirisha lina nondo zilizochimbiwa, na mlango wake mmoja una geti la chuma lenye kufuli, humzuia mwizi kuingia na humzuia mwenyeji kutoka moto ukizuka usiku sebuleni. Katika kila chumba cha kulala, au angalau katika kimoja ambacho wote waweza kukifikia, kipande cha nondo cha sentimita 60 kwa 90 kifungwe kwa bawaba, kifunguke nje, kiwe na kufuli upande wa ndani, na ufunguo wake uning'inizwe msumarini mahali ambapo mtoto wa miaka kumi aweza kuufikia lakini fimbo ya nje haiwezi. Dirisha la chumba hicho lisiwe luva tupu, kwa maana mtu hatoki katikati ya vioo.

Mwisho, kabla fundi hajalipwa fedha ya kumalizia, mwenye nyumba ayajaribu madirisha yake mwenyewe, na kila jaribio lina dakika chache tu. Akiinue kipande cha slaidi kwa mikono miwili kikiwa kimefungwa. Kikitoka kwenye reli, mwizi naye atakitoa, na fundi atie vizuizi vya juu. Amwage kikombe cha maji relini na kungoja yatokee nje. Yasipotokea, vitundu havikutobolewa au vimezibwa na saruji. Aigeuze luva hadi mwisho pande zote na kuona kama vioo vyote vyatembea pamoja pasipo kugusa chuma wala wavu. Atie karatasi baina ya ubao wa bawaba na fremu yake, aufunge na kuivuta. Ikitoka bure, vumbi nalo litapita bure. Aifungue milango yote ya nyumba kwa wakati mmoja na kutembea kutoka chumba hadi chumba akiona ipi yagongana. Kisha arudi usiku mmoja kabla ya kuhamia, afunge kila kitu kama atakavyofunga siku zote, aache topu wazi, na kuwasha ubani juu ya kisahani katikati ya chumba cha kulala. Moshi ukielekea juu ya mlango na kutoka, fundi alipwe. Ukipanda darini na kusimama hapo, bado kuna ukuta mmoja unaohitaji kutobolewa, na ni rahisi zaidi kuutoboa kabla ya kupakwa rangi.